Misemo ya Kukesha, kwa Mama Salma na Baba Salma

Mama Salma mwanangu, na wewe mkwe wangu Baba Salma, shangazi yenu anawasalimu kutoka Tanga. Jana kwenye simu mmoja wenu alikuwa akianza neno, mwingine analimalizia kwa miayo. Nimewaandikia misemo. Bandikeni karatasi hii kwenye mlango wa kabati, pale mnapokunjia nepi, mtu aweze kuisoma amesimama na mtoto begani. Mingine ni ya wahenga, mingine nimeitia mkono ili iwafae wiki hizi.

Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana.
Huu sijaugusa. Wahenga nao walikesha.

Usiku wa deni haukawii kucha. Usiku wa mtoto kila saa unaanza upya.

Usimwamshe aliyelala, utakesha mwenyewe.
Huu ubandikeni mlangoni kwa nje, wageni wausome kabla ya kupiga hodi. Na wewe Baba Salma, najua unatamani kumwona akifumbua macho. Atayafumbua, saa nane usiku. Ila kama nesi amewaambia mwamsheni anyonye ili aongeze uzito, mwamsheni bila huruma.

Salma hajui saa, anajua ziwa.
Mtoto mchanga hulala kama saa 14 hadi 17 kwa siku, lakini huzikata vipande vipande, na hunyonya mara 8 hadi 12 mchana na usiku. Kwa hiyo analala sana, ninyi ndio hamlali. Mwili wake bado haujatenganisha usiku na mchana. Hayo huja taratibu, kwenye mwezi wa pili au wa tatu. Mchana fungueni madirisha, vyombo vilie, redio iongee. Usiku taa iwe ndogo na maneno yawe machache, hata kama anawatazama kama mtu mwenye hadithi ndefu.

Arobaini humtoa mzazi nje, haimlazi mtoto.
Nauandika mapema, maana najua mnaihesabu.

Kimya kingi kina mshindo, na mshindo wenyewe umo kwenye nepi.

Nepi safi humwita mwenyewe.

Asiyesubiri mtoto acheue, shati lake litasubiri kufuliwa.

Baba hana maziwa, lakini ana mikono.
Mkwe wangu, huu ni wako, usomwe kwa sauti. Mtoto akishanyonya, mchukue wewe. Mweke kifuani, kidevu chake kikae begani kwako, mkono mmoja umshike matakoni, mwingine umpapase mgongo kutoka chini kwenda juu. Akijinyonga kwa tumbo, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, shavu lake likae karibu na kiwiko, miguu ining'inie huku na huku, na utembee naye polepole sebuleni. Utasikia tumbo linalegea. Kubadilisha nepi, kupasha maji, kuanika nguo, yote hayo hayahitaji ziwa. Mama yake akipata saa tatu za usingizi wa mfululizo, asubuhi utamtambua.

Mkono mmoja haulei mwana.
Na mikono miwili ya mama ni mkono mmoja.

Mzazi hangoji njaa, hungoja nafasi.
Uji wa pilipili manga utiwe kwenye chupa ya chai, ikae karibu na kitanda pamoja na kikombe cha maji. Anayenyonyesha hushikwa na kiu ghafla mtoto akishaanza kuvuta, na hapo hawezi kuinuka. Supu ikiwa tayari, inywe ikiwa ya moto. Vyombo vitaoshwa na aliyelala zaidi.

Neno la saa tisa usiku lisinywe chai ya asubuhi.
Huu ndio ninaoupenda kuliko yote. Saa hiyo kila mmoja ana hesabu yake: nani aliamka mara ya mwisho, nani aliacha mlango ukajibamiza, nani anakoroma huku mwenzake anaimba bembea. Hesabu zote mbili ni za kweli, na hakuna mwenye akili ya kuzijumlisha. Ukimjibu mwenzio vibaya gizani, msameheane kukikucha bila kikao. Mnapendana, mmechoka tu, tena mmechoka kwa ajili ya mtu mmoja.

Mgeni siku mbili. Ya tatu mpe nepi afue.

Aliyelala usiku kucha asiwape ushauri kabla hajawaletea chakula.

Atakayesema "wangu alilala tangu wiki ya kwanza," mpeni hongera, mkalale.

Mama akilia, baba apewe mtoto na mama apewe mto.
Mwanangu, machozi ya siku za kwanza huwapata wazazi wengi, nami yalinipata. Hayamaanishi humpendi Salma. Lakini huzuni ikivuka wiki mbili, au ukimwona mtoto usisikie chochote, au mawazo ya kujidhuru au kumdhuru yakakujia, usiyafiche kwa kuogopa watu watasemaje. Nenda kliniki uwaambie hivyohivyo, siku hiyohiyo. Na mimi nipigie hata saa kumi alfajiri. Simu yangu inalala imewashwa.

Hasira ikipanda, mtoto ashuke.
Kilio cha watoto huongezeka hadi karibu na wiki ya sita, ndipo huanza kupungua. Kuna usiku atakuwa amenyonya, amecheua, nepi kavu, hana joto la homa, na bado analia. Ukisikia mikono yako inakaza, mlaze chali kitandani pake, toka uani, vuta pumzi kumi, kisha rudi au mwamshe mwenzako. Kulia dakika chache hakumdhuru. Kutikiswa kunamdhuru, kunaweza hata kumuua. Msemo huu nataka muukariri wote wawili.

Kitanda cha mtoto mchanga hakina mapambo.
Chali, godoro gumu, chandarua, basi. Ile mito ya kudariziwa niliyoleta mimi mwenyewe, iwekeni sebuleni mpaka akue. Na usingizi ukikuelemea kwenye kochi umempakata, mpe mwenzako au mrudishe kitandani pake. Kochi si mahali pa kulala na mtoto.

Homa haina methali.
Joto likifika 38, au akikataa ziwa, au akihema kwa shida, ni hospitali usiku huohuo. Hamngoji kukuche, wala hamningoji mimi.

Ukimbembeleza sana, utalala wewe yeye akutazame.

Mkono wa mtoto mdogo, ila ukikushika kidole huendi popote.
Huo ni wa saa ile mnayosema hamuwezi tena. Mwangalieni vidole. Tazameni zile kucha, kila moja imekuja na ukingo wake tayari. Kisha mpeane zamu.

Ijumaa ninakuja na basi la asubuhi. Msipike, ninaleta samaki na nazi. Nguo chafu zote ziwe kwenye beseni, nisianze kuzitafuta chini ya vitanda. Nikishaoga na kunawa mikono nikabidhiwe Salma, na ninyi wawili mwende chumbani mfunge mlango. Akitaka kunyonya nitabisha mara moja. Akitaka kitu kingine chochote, tutaelewana wenyewe.