Ukaguzi wa mabomba wa kila mwaka nyumbani kwetu: Jumamosi ya kwanza ya Januari

Beba tochi, kikombe cha kupimia, rangi ya chakula na karatasi ya chooni. Kila kiungo pangusa kwa karatasi kavu, maana unyevu ambao jicho halioni, karatasi huuonyesha.

Mita na tangi (anzeni hapa, kabla mtu hajaoga)
☐ Tangi likishajaa, fungeni mabomba yote. Andika namba za mita, rudi baada ya saa 2. Zikisogea, maji yanapotea kati ya mita na tangi, boya la tangi halifungi, au tangi linajijaza kwa sababu ya uvujaji unaotafutwa katika hatua inayofuata.
☐ Sasa fungeni koki inayoingiza maji tangini na mpime kina kwa fimbo. Saa 2 tena. Kikishuka, uvujaji uko kwenye tangi lenyewe au ndani ya nyumba.
☐ Koki kuu: kila anayeweza kuizungusha aifunge na kuifungua kwa mkono wake, watoto wakubwa pia. Koki isiyoguswa hukwama, nayo ndiyo tegemeo letu bomba likipasuka usiku.

Vyoo viwili
☐ Tia matone ya rangi kwenye tangi la choo, usivute maji kwa dakika 30. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa chini hauzibi. Msiruke hatua hii hata kama choo kiko kimya. Mwaka jana choo cha wageni hakikuwa na sauti yoyote, na rangi ilishuka ndani ya dakika 10.
☐ Sukuma bakuli kwa goti. Likicheza, kaza.

Jikoni
☐ Toa kila kitu chini ya sinki. Jaza sinki, achia maji yote kwa mpigo, kisha pangusa viungo vya bomba la maji machafu. Kuna viungo vinavyovuja maji yakiwa mengi tu.
☐ Mipira inayopeleka maji kwenye bomba: uvimbe, kutu au nyuzi zilizokatika, badilisha leo.
☐ Bomba linalodondosha: kinga kwa dakika 10, zidisha mara 144. Hayo ndiyo maji ya siku moja. Mara nyingi dawa yake ni washa mpya tu.

Bafuni
☐ Bonyeza na ugonge vigae karibu na shawa. Kikilegea au kikitoa mlio wa uwazi, huenda maji yamepita nyuma.
☐ Mwaga maji kwenye tundu la sakafu lisilotumika, harufu isipande.
☐ Hita: zima umeme, inua kidogo kishikio cha valvu ya usalama. Maji ya moto yatatoka, kaa kando. Ikiendelea kudondosha baada ya kuachiwa, ita fundi. Usiizibe kamwe.

Nje
☐ Angalia bomba la bustani, kisha fungua kifuniko cha chemba: maji yapite, yasisimame.

Tarehe, kilichokutwa na aliyekirekebisha viandikwe nyuma ya karatasi hii. Ukuta wenye unyevu usio na chanzo, au mita inayosogea tusipoona tone popote, ni kazi ya fundi wiki hiyohiyo.