Kwa wote nyumbani: tumwachie Rehema saa zake za kusoma

Mama, shikamoo. Wifi yangu, shemeji, na wanangu wote, habari za tangu asubuhi. Nimeona niyaandike haya badala ya kuyasema sebuleni, kwa sababu kila nikianza kuyasema mmoja wetu anakuwa hayupo, na sitaki mtu ayapate kwa kusimuliwa na mwingine. Wifi, naomba umsomee Mama ujumbe huu wote, taratibu, maana jina lake limo ndani na sitaki ajisikie amesemwa.

Zimebaki wiki 5 Rehema aanze mtihani wa kumaliza sekondari. Mtihani wenyewe utachukua wiki 3. Ukijumlisha ni wiki 8 ambazo mimi na baba yake tunaziombea kitu kimoja kwenu: tumpe saa za utulivu, saa zinazojulikana, zisizobadilika kwa sababu ya mgeni wala mechi. Hatuombi nyumba igeuke ya wafiwa. Tunaomba saa chache tu, na zilizobaki nyumba iendelee kuchangamka kama ilivyo, maana huo uchangamfu tunaupenda.

Niwaeleze kilichonifanya nishike simu na kuandika. Jumamosi iliyopita Rehema alijipima kwa mtihani wa mwaka uliopita wa hisabati. Aliweka saa mezani, akazima simu yake akanikabidhi, akaanza saa 3 kamili asubuhi. Karatasi ile ni ya saa 3, kwa hiyo alitakiwa amalize saa 6 mchana. Mimi nilikuwa chumba cha pili nakunja nguo, na kila alipotoka nilimwona. Kwanza aliitwa akafungue geti. Akarudi. Akaitwa kuuliza chaji ya simu iko wapi. Akarudi. Mara ya tatu nilimwita mimi mwenyewe, mama yake, aje anishikie ncha ya shuka. Ndiyo, mimi. Mara ya nne mgeni alitaka kumsalimia, akasimama mlangoni na kalamu mkononi kama dakika 10 akiulizwa maswali ya kawaida ya wageni. Mara ya tano watoto walikuwa wanagombana, akaja kuwaamua.

Saa 6 ilipofika niliingia nikakuta amefika swali la 9 kati ya 14. Hakulalamika. Alikuwa amekaa anaangalia swali la 9, hesabu imeandikwa nusu, imekatwa, imeanzwa upya, imekatwa tena. Akaniambia, "Mama, kila nikirudi nakuwa nimesahau nilikuwa nataka kufanya nini." Kauli hiyo imenikaa moyoni wiki nzima.

Maana nilikuwa nafikiri tatizo letu ni sauti kubwa. Nimemkalisha nikamuuliza vizuri, na anachosema ni kwamba sauti peke yake si adui mkubwa. Mvua ikipiga bati anasoma. Feni ikivuma anasoma. Kinachomtoa kwenye kitabu ni maneno anayoyaelewa. Mtu akiongea na simu kwenye korido, sikio lake linafuata mazungumzo hata kama hataki, na sentensi aliyokuwa anaisoma inapotea. Nimekuja kuelewa kwamba si yeye tu, binadamu wote tuko hivyo: ubongo hauwezi kuyafungia mlango maneno ya lugha unayoijua, hata yakisemwa kwa sauti ya chini. Wimbo wenye maneno nao ni hivyo hivyo. Na kubwa kuliko yote ni kuitwa. Ukimwita kwa dakika 1, hukumchukulia dakika 1, umemchukulia na ule muda wa kutafuta tena alikuwa amefikia wapi.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza, na kama mtashika moja tu basi mshike hili: katika saa zake, Rehema asiitwe. Geti likigongwa, afungue mwingine. Kitu kikipotea, niulizwe mimi. Mgeni akija, mwambieni anasoma na atatoka kusalimia saa fulani, wala hakuna mgeni mwenye upendo atakayekasirika. Tuchukulie kwamba hayupo nyumbani, kwamba kasafiri na atarudi baadaye kidogo.

Saa zenyewe tumezipanga naye, na tumezipunguza kadiri tulivyoweza. Jumatatu hadi Ijumaa ni kuanzia saa 1 na nusu jioni mpaka saa 3 na nusu usiku. Jumamosi ni kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 6 mchana, kwa sababu ndipo anapojipima kwa karatasi nzima, kwa muda ule ule atakaokuwa nao kwenye chumba cha mtihani. Jumapili hana saa maalumu, na mimi nimemkatalia asijiwekee, anahitaji siku ya kucheka na ninyi.

Kisha kuna usingizi. Hapa naomba mniazime masikio, kwa sababu sisi tumekulia kwenye fikra kwamba mwanafunzi hodari ni yule anayekesha. Umri wa Rehema, miaka 17, mwili unahitaji kulala saa 8 hadi 10. Aliyoyasoma jioni yanatulia kichwani wakati amelala. Akikesha, anamwaga maji kwenye ndoo inayovuja. Kwa hiyo saa 3 na nusu anafunga vitabu, saa 4 taa inazimwa, na anaamka saa 12 asubuhi. Saa hizo 8 nazihesabu kuwa sehemu ya masomo yake, na nazilinda kuliko hata zile za mezani.

Sasa nije kwa kila mmoja, kwa sababu ombi la jumla ni rahisi kila mtu kudhani limemlenga jirani yake.

Mama, najua redio ya taarifa ya habari saa 2 usiku ni yako na huwezi kuikosa. Hatutaki uikose. Rehema mwenyewe ndiye aliyepanga hivi: saa 2 kamili anaacha kusoma dakika 20, anatoka, anakaa na wewe kusikiliza. Anasema macho yanapumzika na miguu inanyooka. Taarifa ikiisha anarudi mezani, nasi tunakuomba redio izimwe au uhamie nayo chumba changu, kitanda kipo, kaa unavyotaka. Ukuta wa chumba chako na chake ni mmoja na kila neno linapita.

Shemeji, wewe unarudi kazini saa 5 usiku umechoka, na geti unaligonga mpaka litikisike kwa sababu sisi tunachelewa kuamka. Kosa ni letu. Baba Rehema amekuchongeshea ufunguo wako, nitakupa leo. Kufuli tumeitia mafuta. Na zile simu unazopiga ukifika, kaa upande wa nyuma, siyo chini ya dirisha lake. Mechi za usiku unaweza kutazama kwa hedifoni mpaka mwisho, goli likiingia ruka, ila ruka kimya kimya ndugu yangu.

Wifi, simu yako ndiyo unayoongelea mambo ya kazi, na korido ndipo mtandao unaposhika vizuri. Nimejaribu pale karibu na mlango wa nyuma, unashika. Nakuomba saa zile uhamie hapo, na usiweke kwenye spika. Kuhusu wanao wawili, nimeongea nao jana. Miaka 7 na 9 hawawezi kunong'ona saa 2 nzima na sitawadai hivyo. Ila mpira kwenye ukuta ule wa chumba cha dada yao umekwisha mpaka mtihani upite. Jumamosi asubuhi nitawatoa mimi kwenda kucheza nje mbali na nyumba, kila Jumamosi, kwa wiki zote 8. Na nimewapa kazi: wao ndio walinzi wa mlango. Mkubwa kachora kadi yenye upande mwekundu na upande wa kijani. Nyekundu ikining'inia, hakuna kugonga. Waliigombania jana kama ni zawadi.

Mtoto mchanga simtaji kwenye orodha hii. Akilia, alie. Mwanangu, wewe unayemnyonyesha, nimekuona juzi usiku umemziba mdomo kwa kanga, umetoka nje kwenye baridi, unatembea naye huku unalia. Usifanye hivyo tena. Rehema amesema mwenyewe kwamba kilio cha mtoto anakizoea, na kikimzidi anaweka pamba masikioni. Una usiku mgumu wa kwako, hatukuongezei mwingine. Ukihitaji msaada, niamshe mimi.

Kuna jambo jingine ambalo si kelele lakini linamsumbua, nalo ni maswali. "Umesoma?" "Utapata daraja gani?" "Mbona umetoka?" Tunauliza kwa mapenzi, ila kwake kila swali ni mzigo. Akitoka chumbani, ajue ametoka kupumzika. Muulizeni habari nyingine, mpeni mtoto ambebe, mchekesheni. Na tusimlinganishe na mtu yeyote, aliyefaulu wala aliyefeli. Anajua wanaomtazama ni wengi.

Nanyi mkimsikia anaongea peke yake chumbani, msishtuke. Anafunga kitabu na kujieleza somo kwa sauti, kama anamfundisha mtu. Ndiyo njia yake ya kujua kipi kimeingia na kipi bado, na inamsaidia kuliko kusoma ukurasa ule ule mara 5. Msimjibu tu.

Kwa upande wetu, mimi na baba yake tumekubaliana hivi. Ugomvi wetu, kama upo, hautasikika nyumbani usiku. Televisheni ya sebuleni nitaizima mimi saa 1 na nusu, asilaumiwe mtoto. Kazi za Rehema za jioni tumemwondolea, nimezigawa kati yangu na baba yake, hakuna aliyeongezewa mwingine. Nikisahau nikamwita, nikumbusheni hata mbele ya wageni, sitachukia.

Akiugua mtu, likitokea la dharura, mlango uvunjwe. Hayo hayana kadi nyekundu.

Tunaanza Jumatatu jioni. Kama kuna saa hapo juu inayombana mtu, niambieni kabla ya Jumapili usiku ili tuisogeze, kwa maana naamini saa 1 iliyokubaliwa na wote inamfaa zaidi kuliko saa 3 za kununiana. Wifi, wewe nilikuwa na wasiwasi na zile Jumamosi zako za kupokea wateja nyumbani. Kama hauwezi kuwasogeza hadi saa 6, niambie tu, tutamhamishia Rehema kwa jirani siku hiyo, nimeshaomba na amekubali kutupa chumba.

Ufunguo wa shemeji uko juu ya kabati la sebuleni, ndani ya bahasha.

Mama Rehema