Tangazo kwa Wafugaji Wote: Kundi Letu Linapanuka

Ndugu wafugaji, habari za jioni. Wazee wetu, shikamooni. Assalaam aleikum, Bwana asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo. Ujumbe huu ni mrefu kidogo, tunaomba muusome kwa utulivu mkishafunga mabanda.

Kundi hili tulilianza mwaka 2019, wafugaji wachache wa Kibaha na Mlandizi tuliokuwa tunachangia gari moja la kuleta vifaranga. Wakati ule WhatsApp ilikuwa inaruhusu watu 256 kwenye kundi, na tuliona ni wengi mno kwetu. Tukajaa. Mwaka 2022 nafasi zikaongezwa hadi 512, mwaka haujaisha zikawa 1,024, na hizo nazo zimejaa. Leo tuna wenzetu wa Chanika, Mbagala, Kigamboni, Bunju hadi Bagamoyo, na wapo wanaosubiri mpaka mmoja atoke ndipo waingie.

Faida ya wingi huu kila mmoja ameiona. Mtu anaweka trei zake asubuhi, mchana zimeshapata mteja. Tumezikana humu, tumechangiana humu. Lakini wiki iliyopita, saa tatu usiku, dada yetu mmoja aliweka picha ya kinyesi chenye damu cha vifaranga wa wiki tatu, akauliza kama ni koksidia. Chini yake zikafuata bei za mayai, pongezi za mtoto aliyefaulu, dua kwa mgonjwa na picha za vyombo vya maji vinavyouzwa. Kila ujumbe ulikuwa na haki ya kuwepo. Daktari wetu wa mifugo aliiona ile picha kesho yake, baada ya kupandisha juu mpaka kidole kikachoka. Hakuna aliyekosea. Sote tunazungumza mahali pamoja, na mahali penyewe ni padogo.

Jambo la pili halisemwi hadharani, ila viongozi tunalijua, kwa sababu wengi mnatufuata pembeni. Mfugaji ana kuku wanaoumwa na anaogopa kuuliza humu, maana wateja wake wa mayai wamo humu humu. Akingoja siku mbili kwa aibu, kama ni kideri au Gumboro, banda zima linaweza kuondoka.

Kwa hiyo viongozi tulikaa, tukawashirikisha wazee walioanzisha kundi, na tumekubaliana hivi.

*Kundi hili halivunjwi, na hakuna anayetolewa.* Linabaki na jina lake, picha yake na mazungumzo yake yote ya nyuma. Kuanzia Jumamosi asubuhi litakuwa ndani ya Jumuiya ya WhatsApp, na pembeni yake yatafunguliwa makundi matatu ya kazi. Hapa patakuwa *Baraza*: salamu, pole, hongera, michango, dua, vichekesho na habari za familia zetu. Tunaomba ieleweke vizuri: salamu hazifukuzwi. Zimebaki nyumbani, mambo ya biashara na tiba ndiyo yanayohama. Viongozi wote tumo humu na tutaendelea kuitikia.

*Magonjwa na Chanjo.* Hapa tunakuwa wakali kidogo, mtuwie radhi mapema. Ukiuliza, andika umri wa kuku, idadi yao, wangapi wamekufa na tangu lini, wanakula na kunywa vipi, na chanjo gani wamepata tarehe ngapi. Weka picha ya kinyesi na ya kuku mwenyewe akiwa amesimama, mabawa yaonekane. "Kuku wangu wamepooza, dawa gani?" haimsaidii daktari, atalazimika kukuuliza yote hayo tena. Kundi hili halina matangazo ya biashara, hata ya dawa. Wauza dawa mnakaribishwa kushauri, ila bei ziende Soko. Na yatakayosemwa humo kuhusu banda la mtu yasitoke humo, isipokuwa kama kuna mlipuko unaohitaji majirani na ofisa mifugo wa kata wapewe taarifa. Kwa upande wake, mwenye kuku walio kwenye dawa asiuze nyama wala mayai mpaka siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye dawa ziishe. Faragha hii ni ya kutibu, si ya kuficha.

Humo humo ndimo tutakamopanga kugawana chanjo. Wenye kuku hamsini mnajua hasara yake: kichupa ni cha dozi mia au zaidi, kikishachanganywa ni cha kutumika muda huo huo, kinachobaki kinamwagwa. Majirani watatu wakipanga siku moja, kichupa kinaisha na gharama inapungua.

*Chakula na Banda.* Kuchanganya pumba, mashudu, dagaa na chokaa, maranda, joto la bruda, mwanga wa leya. Wenye kuku wa kienyeji na chotara msijione wageni, kundi ni lenu kama lilivyo la wa broila.

*Soko.* Mayai, kuku, vifaranga, vyakula, vifaa na mabanda ya kupangisha. Andika bei, mahali ulipo na kiasi ulichonacho. "Njoo pembeni nikupe bei" tunaomba tuiache. Bei za Shekilango na Kisutu zitawekwa kila asubuhi na wenzetu wanaopeleka kuku huko, kama walivyokuwa wakifanya hapa, na tunawashukuru.

Zaidi ya hayo, Jumuiya ina sehemu ya *Matangazo* ambayo kila mmoja atakuwamo na viongozi pekee ndio wanaandika. Msiba wa mwanachama, mgonjwa aliyelazwa, tahadhari ya ugonjwa: hayo yatapita hapo, ili asiwepo wa kusema sikuambiwa kwa sababu hakujiunga na kundi fulani.

Kujiunga: kuanzia Jumamosi gusa jina la kundi hapo juu, utaona Jumuiya na makundi yake, gusa unalolitaka. Si lazima yote. Anayebana bando achukue moja, tena azime upakuaji wa picha. Hatutamwingiza mtu kwa nguvu. Wazee ambao simu zinawasumbua, piga au tuma neno moja kwa kiongozi yeyote, utaingizwa bila usumbufu. Wanaosubiri nje watapokelewa kwenye makundi ya kazi, maana Baraza bado limejaa.

Watakaosimamia makundi mapya wametajwa kwa zamu, si kwa cheo. Magonjwa na Chanjo inaongozwa na daktari wetu na akina mama wawili wa Mlandizi wanaochanja mtaa mzima. Chakula na Soko bado zinahitaji mtu mmoja mmoja. Ukiwa na nafasi, jitaje.

Najua zitakuwepo wiki mbili tatu za kuchanganya. Mtu akiweka trei kwenye Magonjwa, tutamwambia pembeni kwa upole ahamishe, hatutamsema mbele za watu, na tunaomba wanachama wengine nao wasimseme. Baada ya mwezi tutauliza kila kundi kama limefaa. Kundi litakalokuwa kimya tutalifunga na kulirudisha hapa.

Mwenye maoni, au aliyeguswa na lolote katika ujumbe huu, aseme hapa hapa au amfuate kiongozi anayemzoea kabla ya Ijumaa jioni. Bado hatujabonyeza kitu.

Walioagiza vifaranga wa Alhamisi: mzigo huu bado unaratibiwa humu kama kawaida. Leteni maboksi yenu, na bruda ziwe zimewashwa kabla gari halijafika.

Kwa niaba ya viongozi wa kundi.