YAH: Gawio la Mwaka 2025 na Punguzo la Sikukuu Dukani kwa Wanachama

Ofisi ya Mwenyekiti wa Bodi,
Marangu, Moshi Vijijini.
5 Desemba 2025

Ndugu Mwanachama,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mkutano Mkuu uliofanyika Jumamosi, tarehe 29 Novemba 2025, ulipokea taarifa ya hesabu zilizokaguliwa na kuidhinisha gawio la shilingi 1,200 kwa kila hisa ya shilingi 10,000, kwa hiyo mwenye hisa 20 atapokea shilingi 24,000 kabla ya makato. Kiwango hiki ni pungufu ya shilingi 300 kuliko cha mwaka jana. Sababu yake, kama wajumbe walivyoelezwa kwa kirefu, ni kwamba baada ya kutenga akiba inayotakiwa na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, mkutano uliamua sehemu ya ziada itumike kukarabati mtambo wa kukoboa kahawa mbivu, ambao msimu huu ulitulazimisha kupokea kahawa kwa zamu. Kwa maoni yangu uamuzi huo ulikuwa wa busara, ingawa najua haukuwafurahisha wote.

Malipo yataanza Jumatatu, tarehe 15 Desemba 2025, kupitia akaunti ya benki au namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mwanachama mwenyewe. Mwenye deni la pembejeo lililopita muda wake atakatwa kwanza na kupewa stakabadhi. Gawio la mwanachama aliyefariki litalipwa kwa mrithi aliyeandikishwa katika rejesta. Pale ambapo hakuna aliyeandikishwa, fedha zitahifadhiwa hadi msimamizi wa mirathi awasilishe barua ya mahakama. Anayependa kugeuza gawio lake kuwa hisa amjulishe Meneja kwa maandishi kabla ya tarehe 12 Desemba.

Aidha, kwa kuwa huu ndio wakati watoto na ndugu wanaporejea nyumbani kutoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko, na matumizi ya kila kaya hupanda, Bodi imeidhinisha punguzo la asilimia 10 katika duka la chama kuanzia tarehe 15 hadi 31 Desemba. Punguzo linahusu mchele, unga wa ngano, mafuta ya kula, sabuni na vyombo vya nyumbani, kwa manunuzi yasiyozidi shilingi 150,000 kwa kila mwanachama, kwa fedha taslimu au kwa kukatwa kwenye gawio. Mbolea ya ruzuku haihusiki, kwa kuwa bei yake hatuipangi sisi. Tafadhali njoo na kitabu chako cha uanachama. Muuzaji ameagizwa asitoe punguzo bila kukiona, hata kwa mtu anayemfahamu, nami nikiwemo.

Duka litafungwa tarehe 25 na 26 Desemba.

Nawatakia Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya.

Wenu katika ushirika,

Mwenyekiti wa Bodi

Nakala: Meneja wa Chama, Msimamizi wa Duka, Mbao za Matangazo.