Taa ya betri kabla ya Kitonga

Saa kumi alfajiri, Disemba, tunatoka Kimara kwenda kwa bibi Iringa. Mama na mdogo wangu wako nyuma washajifunika kitenge wanasinzia. Baba akanipa ufunguo wa Korola yetu, ile 110, akasema kaa kwa dereva, usiwashe injini, zungusha mpaka dashibodi iwake tu. Taa zikawaka zote! Nikajua nimeharibu.

"Hapo inajikagua. Kopo lenye tone ni presha ya oili, betri ni chaji, ya njano ni cheki injini. Isiyowaka sasa hivi ujue globu imekufa au mtu kaichomoa auze gari bovu, halafu huko njiani haitakwambia kitu."

Akawasha yeye, zikazima, ikabaki ya hendibreki mpaka alipoishusha.

Nikawa na miaka 15 na kazi moja, kuangalia zile taa. Chalinze, Morogoro, baba ananiuliza tu. Njano ikiwaka? Tunaenda taratibu tukamwone fundi. Nyekundu ya oili? Unazima hapohapo, hata kilomita moja usiende, injini itakufa. Mikumi nikasahau taa kidogo, twiga walikuwa karibu na lami kabisa.

Tumeshaingia bonde la mibuyu, baba yuko nyuma ya lori la mafuta anatafuta nafasi ya kulipita, nikaiona betri, nyekundu.

"Baba, betri imewaka."

Hakuniuliza una uhakika. Akaachana na lori, akatoka pembeni, akazima. Mama akaamka, kuna nini tena, si betri tu hiyo, gari si linatembea? Baba akasema ngoja mama, akafungua boneti akaniita. Mkanda wa feni haupo, kimebaki kipande kinaning'inia.

"Huu ndio unazungusha alteneta ndio maana taa imewaka, ila kwenye injini hii unazungusha na pampu ya maji pia. Geji ya joto ilikuwa haijapanda bado. Tungeanza Kitonga hivi, mlima ule, ingechemsha tukaunguza gasketi."

Nikataka kugusa kifuniko cha rejeta akanidaka mkono haraka sana, maji ya moto yale yanaruka usoni. Tukasubiri. Mkanda wa spea ulikuwa kwenye buti siku zote, mimi nilidhani takataka. Spana namba 12 na 14, mimi nasukuma alteneta kwa mpini wa jeki mkanda ukaze, yeye anafunga, jasho linatutoka, mdogo wangu anatumulikia tochi ya simu mchana kweupe.

Baba akanirudishia ufunguo. Nikazungusha, zikawaka zote, nikazihesabu moja moja kwa sauti, nikawasha. Betri ikazima.

Mbuyuni mama akanunua vitunguu gunia zima. Kitonga tukapanda namba mbili nyuma ya malori, sikutoa macho kwenye geji mpaka Ilula, mshale uko katikati, na baba kila kona ananiuliza, "Inasemaje?"