HATARI! DAWA YA KUZIBUA MABOMBA
Tafsiri ya onyo la Kiarabu lililo kwenye kopo hili

Punje hizi ni kostiki soda. Zinaunguza ngozi na kupofusha macho. Weka mbali na watoto. Vaa glovu za mpira na miwani ya kukinga macho.

Tia punje kwenye maji baridi, kidogo kidogo. USIMIMINE maji juu ya punje: yatachemka ghafla na kukurukia usoni. USICHANGANYE na asidi ya chooni. USITUMIE chombo cha alumini, yaani sufuria zetu nyingi.

USIHAMISHIE kwenye chupa ya maji au soda, hata kwa dakika moja. Mtoto atakunywa.

Ikiingia machoni: osha kwa maji yanayotiririka dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali.

Ikimezwa: USIMTAPISHE. Suuza mdomo. Mkimbize hospitali na kopo hili.

Imebandikwa dukani, Kilombero, Arusha