Makabidhiano: kazi ya kuvuna bei za msambazaji (vuna-bei)

Dada, salamu. Kuanzia Jumatatu kazi hii ni yako. Nimeandika yale ambayo huwezi kuyaona kwa kusoma skripti tu.

Kila siku isipokuwa Jumapili, skripti huingia kwenye tovuti ya msambazaji kwa akaunti yetu, hupitia kurasa 46 za orodha ya bidhaa na kuandika bei katika jedwali `bei_siku`. Huchukua kama dakika sita. Wenye tovuti wanajua na wameridhia, kwa sharti kwamba tupumzike sekunde 4 kati ya ukurasa na ukurasa. Usizipunguze hata ukiwa na haraka.

```
10 2 * * 1-6 cd /opt/vuna-bei && flock -n /tmp/vuna.lock ./endesha.sh >> logi/vuna.log 2>&1
```

Hiyo 2 si saa mbili. Seva inakwenda kwa UTC, kwa hiyo kwetu ni saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri. Mimi mwenyewe niliwahi kungoja hadi saa mbili asubuhi nikishangaa mbona haianzi, kumbe ilishamaliza kitambo.

Kuingia

Skripti hufungua `/login` na kuchukua tokeni iliyofichwa kwenye fomu (`csrf_token`). Kisha hutuma jina, nenosiri na tokeni hiyo pamoja na kuki ileile iliyopewa mwanzoni. Ukichanganya kuki ya zamani na tokeni mpya, unakataliwa. Unafuata ukurasa wa namba sita zinazobadilika kila sekunde 30, ambazo skripti huzikokotoa yenyewe kutokana na siri iliyo kwenye `.env`. Ikikubaliwa, huhifadhi kuki kwenye `kuki.json`, nayo hudumu saa 12.

Usipime kwa jibu la 200. Tovuti hii hurudisha 200 hata nenosiri likiwa baya. Inachora tu fomu upya na maandishi mekundu juu yake. Tunachotafuta ni kiungo cha `Logout`. Kisipokuwepo, hatujaingia.

Nenosiri na siri ya namba viko kwenye hifadhi ya siri ya timu, nimeshakupa ruhusa. Majaribio matano mabaya hufunga akaunti kwa nusu saa, kwa hiyo ikikataa mara mbili acha kuirudia, soma logi kwanza.

Inapokwama

Mara nyingi ni nenosiri lililoisha muda. Huisha kila baada ya siku 90, na hakuna anayekuambia. Tovuti hukupeleka kimya kwenye `/password/change`, na logi huandika `mistari: 0`. Ingia kwa mkono, libadilishe, sasisha hifadhi na `.env`, kisha futa `kuki.json`. Safari ijayo litaisha tarehe 14 mwezi ujao. Liweke kwenye kalenda yako leo.

Nenosiri likiwa zima lakini namba sita zinakataliwa, tazama saa ya seva kwa `timedatectl`. Ikipotoka kwa dakika moja tu, namba haziwiani.

Ukiona 429, tumewachosha. Ngoja saa moja.

Logi isipokuwa na mstari wowote wa leo, huenda mchakato wa jana bado umening'inia na `flock` imeondoka bila kusema neno. Usifute `/tmp/vuna.lock`. Kufuli linashikwa na mchakato wenyewe, na ukifuta faili utaruhusu skripti mbili zikimbie pamoja. Tafuta mwenye kulishika, umuue yeye:

```
fuser -v /tmp/vuna.lock
```

Inayonikosesha usingizi, hata hivyo, si siku inayoanguka. Kuna wakati waliongeza safu ya kodi kabla ya safu ya bei. Skripti ilikuwa inasoma safu ya nne kwa kuhesabu tu, ikaendelea kwa raha zake, na kwa siku mbili tukaandika kodi mahali pa bei. Logi yote ilikuwa kijani. Aliyegundua ni mtu wa mauzo, aliyeuliza mbona kila kitu kimekuwa rahisi ghafla. Tangu hapo skripti husoma vichwa vya safu kwanza na kugoma visipolingana, tena hukataa kuandika mistari ikiwa chini ya 1,500 (kawaida ni kama 1,840). Ikigoma hivyo, fungua ukurasa ukautazame kwa macho kabla ya kulegeza kizuizi.

Kurudia siku nzima hakuna madhara, kwa kuwa ufunguo ni msimbo wa bidhaa na tarehe, hivyo huandika juu ya yaliyopo:

```
./endesha.sh --tarehe leo
```

Siku zilizopita hazirudishiki. Tovuti huonyesha bei za leo tu. Ukikosa siku, iache wazi kwenye jedwali, usiijaze kwa bei za jana.

Nipo dawati la pili hadi Ijumaa. Alhamisi alfajiri tuiangalie pamoja ikikimbia, wewe ukiwa kwenye kibodi.